Uchambuzi: Jina la Kliniki Binafsi Litaje Huduma, Lisiahidi Uponyaji

Katubuka ni moja ya kata za Manispaa ya Kigoma-Ujiji, na kama ilivyo katika kata nyingine za manispaa hiyo, mgonjwa anayetafuta huduma ana njia zaidi ya moja. Ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, vipo vituo vya afya na zahanati za umma, na vipo vituo vya watu binafsi ambavyo kwa mpita njia hutambulika kwanza kwa kibao kilichosimikwa kando ya barabara. Kibao hicho husomwa kabla ya mgonjwa kuonana na muuguzi, kabla ya kuulizwa anaumwa nini na kabla ya kujua gharama. Kwa sababu hiyo jina la kliniki ni tangazo la kwanza la huduma, na mara nyingi ndilo pekee linalomfikia mtu mwenye haraka.

Mmiliki anayesajili kituo binafsi hutaka jina lenye sauti ya upole na utaalamu, na hilo ni jambo jema. Tatizo huanza pale upole unapogeuzwa kuwa ahadi. Jina linalosema mgonjwa atapona humpa matarajio ambayo hakuna mtaalamu wa afya anayeweza kuyadhamini, na jina linalotaja ngazi kubwa kuliko leseni humpeleka mgonjwa mahali ambapo msaada anaouhitaji haupo. Makosa haya mawili hutokana na maneno machache tu, na yanaweza kuepukwa kabla fundi hajaanza kuchora kibao.

Suala hili lina historia yake. Sheria ya Usimamizi wa Hospitali Binafsi ya mwaka 1977 ilizuia watu binafsi kuendesha huduma za tiba kwa faida, na ikaacha nafasi kwa mashirika yaliyoidhinishwa, hususan ya kidini. Marekebisho ya mwaka 1991 ndiyo yaliyowaruhusu wataalamu wenye sifa kufungua vituo vyao kwa idhini ya Wizara. Kabla ya hapo haja ya kushindana kwa majina ilikuwa ndogo. Hospitali nyingi za umma zilichukua jina la mahali, kama Muhimbili, Bombo, Ligula, Kitete na Maweni yenyewe, au jina la kiongozi, kama Sokoine ya Lindi na Sekou Toure ya Mwanza. Majina hayo hayamwahidi mgonjwa chochote. Yanamwambia aelekee wapi, na sifa ya hospitali inajengwa na kazi inayofanyika ndani yake.

Kuingia kwa vituo vya biashara kulileta haja ya kujitofautisha, na hapo ndipo maneno ya kuvutia yalipoanza kupata thamani.

Milango miwili yenye macho tofauti

Wamiliki wengi huamini kwamba jina likishakubaliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, suala la jina limekwisha. Imani hiyo si sahihi. Kupitia mfumo wa usajili kwa njia ya mtandao, ors.brela.go.tz, BRELA huangalia kama jina linafanana na lingine lililokwisha kusajiliwa na kama linadokeza uhusiano na Serikali usiokuwepo. Kazi ya BRELA si kukagua idadi ya vitanda, sifa za watumishi au uwezo wa maabara.

Mlango wa pili ni wa Wizara ya Afya, ambako usajili wa vituo binafsi husimamiwa chini ya Sheria ya Hospitali Binafsi, Sura ya 151, na ukaguzi huwahusisha waganga wakuu wa halmashauri na mkoa. Hapa swali ni tofauti kabisa. Kituo hiki ni cha aina gani, kina nani, kina nini, na kinaruhusiwa kufanya nini? Jina lililopita BRELA bila kikwazo linaweza kuonekana halifai hapa, kwa kuwa linataja huduma ambayo jengo na watumishi hawawezi kuitoa. Mmiliki mwenye busara hachapishi kibao, mihuri na risiti kwa kutegemea cheti cha BRELA peke yake. Huhakikisha kwanza kwamba jina hilohilo, kwa tahajia ileile, ndilo litakaloonekana katika leseni ya kituo, katika namba ya mlipakodi na katika mikataba ya bima ya afya, kwani tofauti ya neno moja huleta maswali wakati wa kudai malipo.

Jambo jingine ambalo huchanganywa ni umiliki. Kusajili jina la biashara hakumpi mtu haki ya kipekee juu ya neno hilo. Haki ya aina hiyo hutafutwa kwa kusajili alama ya huduma chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, ambako huduma za tiba zimo katika daraja la 44 la mgawanyo wa kimataifa.

Neno linalotaja ngazi

Katika jina la kituo, neno lenye uzito mkubwa kuliko yote ni lile linaloonekana la kawaida kabisa, yaani hospitali, kituo cha afya, zahanati au kliniki. Katika mfumo wa afya wa Tanzania maneno haya si visawe. Zahanati huhudumia wagonjwa wa nje. Kituo cha afya kiko juu yake na hulaza wagonjwa. Hospitali hutarajiwa kuwa na wodi, upasuaji na huduma ya saa zote. Kliniki binafsi kwa kawaida huwaona wagonjwa wa nje, ama kwa magonjwa ya jumla ama kwa fani maalumu kama meno au macho.

Hatari yake huonekana usiku. Mama aliyeshikwa na uchungu, akaanza kutokwa na damu, akipelekwa kwenye jengo la karibu kwa sababu kibao kinasema hospitali, kisha familia ikakuta chumba cha ushauri na maabara ndogo, dakika zilizopotea haziwezi kurudishwa. Safari ya kwenda Maweni ilipaswa kuanza nyumbani. Katika hali hiyo neno hospitali halikuwa pambo, lilikuwa maelekezo ya njia, na maelekezo yenyewe hayakuwa ya kweli.

Neno kliniki nalo lina mtego wake. Katika Kiswahili cha kila siku, kwenda kliniki humaanisha kwanza mama mjamzito kupimwa na mtoto kupimwa uzito na kuchanjwa. Kibao kilichoandikwa kliniki bila maelezo zaidi kitawaita kina mama ambao pengine huduma yao haipo hapo. Ndiyo maana neno hilo halijitoshelezi, na linahitaji kufuatwa na huduma mahususi.

Maneno rufaa, taifa, mkoa na bingwa yako katika kundi hilohilo. Rufaa ni ngazi ndani ya mfumo wa Serikali. Bingwa ni mtaalamu mwenye mafunzo ya ziada katika fani yake, na madaktari husajiliwa na kusimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Hata neno daktari lahitaji uangalifu, kwa kuwa wananchi wengi humwita daktari kila mtumishi aliyevaa koti jeupe, ilhali tabibu na daktari ni kada mbili zenye mafunzo tofauti. Vilevile majina Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, pamoja na alama zake, yanalindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 na hayaruhusiwi kuwa mapambo ya kliniki ya biashara.

Kutibu si kuponya

Kiswahili kinatofautisha vizuri kazi na matokeo yake. Kutibu, kuuguza na kuhudumia ni kazi ya mtu. Kupona ni jambo linalompata mgonjwa, na huweza kutokea au lisitokee. Kuganga nako ni kazi, na ndiyo maana hadi leo Serikali ina Mganga Mkuu, mikoa ina waganga wakuu, na hospitali zina waganga wafawidhi. Vyeo hivyo vinataja anayeganga, wala havidai kwamba kila aliyegangwa atapona.

Kutokana na tofauti hiyo, jina lenye neno tiba husema kinachofanyika ndani ya kituo, na jina lenye neno uponyaji husema kitakachotokea. La kwanza linaweza kutekelezwa kila siku, la pili haliwezi. Hata hivyo neno tiba likiongezewa vivumishi kama ya uhakika, ya kudumu au ya haraka, hugeuka kuwa ahadi ileile kwa sura nyingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayouza, na jina lililoandikwa juu ya mlango ni sehemu ya maelezo ya huduma hiyo.

Nguvu ya ahadi ya uponyaji ilionekana nchini mwaka 2011 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako maelfu ya watu walipanga foleni kwa ajili ya kikombe cha dawa kilichotolewa kwa shilingi 500 na mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Watu hawakuvutwa na jengo wala kibao. Walivutwa na neno kwamba maradhi sugu yanapona, na miongoni mwao walikuwamo walioacha dawa zao za kila siku. Mgonjwa wa kisukari anayehitaji insulini akiiacha kwa kuamini ameshapona, mwili wake huweza kuharibika ndani ya siku chache. Hapo ndipo ahadi isiyo na msingi inapogeuka kuwa madhara.

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika lipo neno jingine linalohitaji kupimwa, nalo ni shifaa. Ni neno lenye asili ya Kiarabu lenye maana ya uponyaji, na katika mji wenye historia kama ya Ujiji linasikika kama dua zaidi kuliko tangazo. Anayelitumia kwa nia ya kumtaja Mungu kuwa ndiye mponyaji hawezi kufananishwa na anayedai dawa yake haishindwi. Lakini msomaji wa kibao haioni nia, anaona neno. Tena lipo neno linalokaribiana nalo kwa sauti, tiba shufaa, ambalo katika huduma za afya nchini humaanisha matunzo ya kupunguza maumivu na mateso ya mtu mwenye ugonjwa mzito usiotarajiwa kupona. Herufi moja hutenganisha maneno hayo, na maana zake ziko mbali sana. Familia iliyoelekezwa kupata shufaa kwa mzee wao, ikafika mahali panapoitwa shifaa, yaweza kurejewa na tumaini ambalo hakuna aliyekusudia kuliuza.

Kigoma hupokea pia wagonjwa na wasafiri kutoka Burundi na Kongo. Katika Kirundi kitenzi gukiza kina maana ya kuponya na pia kuokoa. Jina linalojengwa juu ya mzizi huo kwa lengo la kuwavuta majirani litasikika kwao kwa uzito mkubwa kuliko mmiliki alivyofikiri.

Funzo la tiba na matunzo

Mfano bora wa jina linalojali bila kudanganya umo ndani ya huduma za umma zenyewe. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa kwa upana nchini katika miaka ya 2000, huduma hiyo ilihitaji jina. Ugonjwa haukuwa na dawa ya kuponya, na wagonjwa walihitaji sababu ya kurudi kila mwezi. Vituo vikaitwa vya tiba na matunzo. Neno la kwanza linataja dawa na vipimo, la pili linataja uangalizi wa mtu, na hakuna hata moja linalodai kwamba virusi vitaondoka mwilini. Jina hilo limeendelea kuwa la kweli kwa mgonjwa wa mwezi wa kwanza na kwa mgonjwa wa mwaka wa kumi.

Kabla yake, kuanzia mwaka 2001, shirika la AMREF lilikuwa limeanzisha vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari kwa jina Angaza. Neno hilo lilitaja kitendo, kuleta mwanga, likaacha majibu yawe majibu. Lakini Angaza linafundisha pia mpaka wa jina. Kadiri lilivyojulikana, ndivyo kuonekana mlangoni pake kulivyotafsiriwa na majirani kuwa ni kupimwa virusi. Jina zuri likishafungamana na ugonjwa mmoja, huweza kuwafukuza wale liliowakusudia.

Ndiyo sababu maneno ya upole nayo yanapaswa kuchujwa. Matumaini ni neno jema, lakini kwa miaka mingi maneno kuishi kwa matumaini yamehusishwa na kuishi na virusi vya UKIMWI. Faraja hutuliza, ila pia ndiyo inayopelekwa kwa wafiwa. Huruma humfanya mgonjwa atarajie kupunguziwa au kusamehewa gharama, na kituo kinachotoza kila kipimo kitalaumiwa kwa jina lake chenyewe. Hakuna lililokatazwa kati ya maneno haya. Kila moja linadai kitu, na mmiliki anapaswa kuwa tayari kukitoa.

Mfano wa kliniki moja

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba daktari mmoja anakusudia kufungua kliniki Katubuka. Ana vyumba viwili vya kuonea wagonjwa, maabara ndogo, tabibu mmoja, wauguzi wawili na mtaalamu wa maabara. Hana vitanda vya kulaza. Atafungua kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 2:00 usiku, na anataka kujikita katika ufuatiliaji wa kisukari na shinikizo la damu.

Jina la kwanza analopendekezewa ni Hospitali ya Uponyaji Tanganyika. Lina makosa mawili kwa mpigo, kwa kuwa hospitali ni ngazi asiyokuwa nayo na uponyaji ni matokeo asiyoweza kuyadhamini, hasa kwa magonjwa mawili ambayo kwa wagonjwa wengi ni ya kuishi nayo na kuyadhibiti. La pili ni Kituo cha Kimataifa cha Mabingwa wa Kisukari. Halina neno la kuponya, lakini mabingwa hawapo na umataifa hauna ushahidi. La tatu ni Kituo cha Afya Katubuka. Linaonekana la unyenyekevu, ila ni la kupotosha kuliko linavyofikiriwa, kwa sababu vituo vya umma ndivyo vinavyozoeleka kuitwa kwa jina la kata, na mwananchi atadhani ni cha halmashauri. La nne ni Kliniki ya Huruma. Ni jina zuri, lakini ni la kawaida mno kutofautisha kituo kimoja na kingine, na linabeba swali la gharama lililokwisha kutajwa.

Linalobaki ni kuunganisha vipande vitatu vilivyo vya kweli, yaani aina ya kituo, neno la kumtambulisha na mahali. Kliniki ya Utu Katubuka laweza kuwa jina la namna hiyo. Kliniki inalingana na leseni. Utu ni neno fupi, linalotamkika kwa urahisi na Mha, Mrundi na Mkongo, na linalotaja jinsi mgonjwa atakavyopokelewa, jambo ambalo liko ndani ya uwezo wa wahudumu. Katubuka linaeleza ilipo, ingawa mmiliki anayepanga kufungua tawi Ujiji au Mwanga ajue kwamba jina la kata litamfunga. Chini ya jina, kwa herufi ndogo zinazosomeka, yafuate maneno Kituo binafsi, Wagonjwa wa nje, Ufuatiliaji wa kisukari na shinikizo la damu, pamoja na saa za kazi na tamko kwamba hakuna huduma ya kulaza. Mstari huo wa mwisho waweza kuonekana kuwa hauvutii wateja, lakini ndio utakaomwelekeza mgonjwa wa dharura Maweni bila kuchelewa.

Kabla ya kupeleka maombi, jina hupimwa kwa njia isiyo na gharama. Watu kadhaa wasiomfahamu mmiliki, vijana kwa wazee, husomewa jina peke yake na kuulizwa wanatarajia kupata nini mahali hapo. Majibu yakitaja kulazwa, upasuaji, huduma ya bure au kupona, jina limesema zaidi ya kliniki yenyewe na linapaswa kubadilishwa. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya ukaguzi wa Wizara, lakini hufichua maana ambazo karatasi za usajili hazizioni.

Kwa upande wa mwananchi, jina jema halithibitishi ubora wa huduma, kama ambavyo jina kubwa halithibitishi uwezo. Uthibitisho huanzia kwenye leseni, ambayo mteja ana sababu ya kuomba kuiona, na katika rejesta ya vituo vya kutolea huduma za afya ya Wizara, hfrs.moh.go.tz, ambamo kila kituo kilichosajiliwa huonekana kwa aina yake na mahali kilipo. Kibao kikisema hospitali na rejesta ikasema zahanati, rejesta ndiyo ya kuaminiwa, na taarifa ifikishwe kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri. Mgonjwa anayeambiwa mlangoni kwamba ugonjwa wake wa kudumu utakwisha hapaswi kuacha dawa alizoandikiwa kabla ya kurejea kwa mtaalamu aliyemwandikia.